Futa 14, Andika 21

Mama huyo alifika Alhamisi jioni, nikiwa nimeshaanza kuingiza ndani meza ya nje ya duka. Mkononi alikuwa na flashi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina kazi ndogo sana, ya dakika mbili tu."

Aliyewahi kukaa nyuma ya kompyuta katika duka la kuchapa kadi anajua kwamba kazi ikitajwa kuwa ndogo kabla haijaonekana, ni vizuri kuvuta kiti. Mama alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Ukumbi waliolipia ulikuwa umepewa watu wengine siku hiyohiyo, basi sherehe imesogezwa wiki moja mbele, kutoka Jumamosi tarehe 14 hadi Jumamosi tarehe 21. Siku ni ileile, mwezi uleule, saa ileile. Kadi 200 zilikuwa bado hazijachapwa, na hilo alilishukuru sana. "Futa 14, andika 21," akasema. "Kingine chochote usiguse."

Nilichomeka flashi. Ndani yake mlikuwa na faili moja, `kadi_final.jpg`. Nikamuuliza kama aliyeitengeneza alimpa faili nyingine yoyote. Hapana, alimpa hiyo tu, na sasa hapatikani kwenye simu. Nikamwambia kazi hiyo itachukua saa mbili na bei yake itakaribia bei ya kadi mpya. Alinitazama kama ninavyomtazama mimi muuza nyanya anayepandisha bei baada ya kuona shati langu.

Sikumlaumu, na leo bado simlaumu. Katika miaka yangu dukani, ugomvi mwingi kati ya mafundi wa kadi na wateja nimeuona ukitoka hapa: mteja anaona namba mbili zimeandikwa juu ya maua, na anaamini kwamba zikiondolewa maua yataonekana. Akili yake iko sawa. Ndivyo dunia ilivyo: ukiondoa kikombe mezani, meza ipo. Kasoro iko kwenye picha. Katika picha ile, chini ya 14 hapakuwa na maua. Hapakuwa na kitu chochote.

Tuanze na picha yenyewe ni kitu gani. Kadi ile ilikuwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 15. Kwa uchapaji mzuri, kompyuta huigawa kadi ya namna hiyo katika vijiraba vidogo visivyoonekana kwa jicho, 1,181 kwa upana na 1,772 kwa urefu. Vijiraba hivyo huitwa pikseli, na kwenye kadi moja ni karibu milioni 2.1. Kila pikseli hubeba rangi moja, na rangi hiyo huandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kikianzia 0 hadi 255. Picha nzima ni orodha hiyo tu. Haijui kama ina maua, wala haijui kama 14 ni tarehe. Pikseli iliyo katikati ya namba 4 ni dhahabu, basi. Haikumbuki kwamba kabla ya kuwa dhahabu, mahali hapo palikuwa na jani.

Ili mama aone kwa macho yake, nilizungushia 14 kwa kipanya kisha nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kikabaki kiraka cheupe katikati ya shada, kama jino lililong'oka. "Maua yameenda wapi?" akauliza. Hayakwenda popote, mama. Hayakuwepo.

Lakini siku moja yalikuwepo, na hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Fundi aliyeichora kadi ile hakuichora kama orodha moja. Aliijenga kwa tabaka, au leya kama tunavyosema dukani. Chukua karatasi za plastiki angavu, zile zinazofunika majalada ya madaftari ya shule. Ya kwanza uipake rangi ya zambarau hafifu, yote. Juu yake weka nyingine uliyochora shada la maua tu. Pale pasipo na ua unaona zambarau ya chini. Ya tatu ibandike picha ya bwana na bibi harusi, iliyokatwa kufuata maungo yao. Ya nne iwe na fremu ya dhahabu. Ya tano iandikwe majina, ya sita ukumbi na saa, ya saba tarehe. Ukizipanga na kuzitazama kutoka juu unaona kadi moja iliyokamilika. Ukiinua ile ya saba, tarehe inatoka peke yake na shada liko palepale, zima, hata majani ambayo mgeni hakuyaona kamwe kwa kuwa yalifunikwa.

Kila tabaka lina orodha yake ya pikseli, na kila pikseli ya tabaka huongezewa namba ya nne inayosema ni kiasi gani cha kilicho chini kinaruhusiwa kuonekana. Pengine ni wazi kabisa, pengine imeziba kabisa, pengine ni katikati. Kompyuta hupiga hesabu ya tabaka zote kutoka chini kwenda juu na kukuonyesha jibu kwenye kioo. Wakati fundi anafanya kazi, hesabu na jibu vyote vipo. Anapotoa faili ya `.jpg` ya kupeleka kwa mteja, linatolewa jibu peke yake. Hiyo ndiyo picha bapa.

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwenye kivuli. Tarehe ya kadi ile ilikuwa na kivuli laini chini yake, cha rangi nyeusi yenye nguvu ya asilimia 40, ili dhahabu ijitokeze. Tuseme pikseli moja ya petali ilikuwa na namba 200, 160, 220, ambayo ni zambarau ya kupendeza. Kivuli cha asilimia 40 kikipita juu yake, kinabakiza asilimia 60 ya kila namba: 120, 96, 132. Hizo ndizo zinazoandikwa kwenye picha bapa. Sasa mpe mtu mwingine pikseli hiyo na umuulize imetokana na nini. Inaweza kuwa petali ya zambarau hafifu iliyo chini ya kivuli. Inaweza pia kuwa petali ya zambarau iliyokoza isiyo na kivuli hata kidogo. Namba ni zilezile. Ni sawa na kuambiwa jibu ni 12 kisha kutakiwa useme kama mwalimu aliandika 7 kujumlisha 5 au 3 mara 4. Programu iwe ya bei gani, hesabu iliyofutwa haisomeki ndani ya jibu. Kinachowezekana ni kukisia, na kukisia ndiko nilikokuwa nikimtoza mama yule.

Nilikisia hivi. Tarakimu zile mbili, zenye kimo cha sentimita 1 hivi, zilikuwa zimekula eneo la pikseli 118 kwenda juu na 130 kwenda upande, yaani zaidi ya pikseli 15,000, bila kuhesabu kivuli. Ningekuta rangi moja tupu, ningechukua rangi ya jirani, nikapaka, na mama angekuwa amekosea kidogo tu aliposema dakika mbili. Lakini palikuwa na shada. Ilinibidi nitumie kifaa cha kunakili sehemu moja ya picha na kuigonga juu ya nyingine, kama muhuri. Nilichukua petali kutoka kona ya chini kushoto, nikaigonga mahali pa namba 1. Jani nililipata upande wa kulia, nikaligeuza ili lisifanane mno na ndugu yake. Kivuli kilikuwa kimeenea nje ya namba, basi nilizunguka pembeni nikiangaza kidogo kidogo, na kila nilipoangaza kupita kiasi petali ilionekana kama imemwagiwa maziwa.

Kisha kukaja vumbi. Faili ya `.jpg` hubanwa ili iwe nyepesi, na kwa kawaida ubanaji wake huikata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza undani ndani ya kila kipande. Kwenye uso au mawingu huoni kitu. Penye ncha kali, kama pembeni mwa maandishi ya dhahabu juu ya zambarau, hubaki vidoa vidogo mfano wa majivu. Nilipoweka 21 mpya, pembe zake zilikuwa safi mno. Maandishi mengine yote yalikuwa na majivu yake. Tarehe ikajitangaza kama mtu aliyefika msibani na suti ya harusi. Ilibidi niichafue kidogo ili ifanane na wenzake.

Na hiyo fonti? Picha bapa haisemi ni fonti gani iliyotumika, kwa kuwa mle ndani hamna herufi, kuna maumbo tu. Nilijaribu fonti kama nane kabla ya kupata iliyokaribia. Wazee wa kazi hii wana ujanja wao: huiba tarakimu kutoka kwenye namba ya simu iliyoandikwa chini ya kadi. Namba ya simu ya mama ilikuwa na 2 na 1 zote mbili. Lakini zilikuwa ndogo mara tatu kuliko tarehe, na picha ndogo ukiikuza inapata ukungu. Niliziacha.

Mhenga alisema samaki mkunje angali mbichi. Kadi yenye tabaka ni samaki mbichi: unamkunja, unamnyoosha, unambadilisha sahani. Picha bapa ni ng'onda. Analiwa vizuri, anasafiri mbali bila kuoza, na ndiyo maana tunamkausha. Ila ukitaka kumkunja atavunjika.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Winsor McCay alitoa katuni ya mnyama wa kale aitwaye Gertie. Ilihitaji michoro kwa maelfu, na kila mchoro ulikuwa karatasi moja yenye kila kitu: Gertie, mawe, mti na ziwa. Gertie akisogeza shingo kidogo tu, mawe na mti, ambavyo havikusogea, vilichorwa upya. Msaidizi alikaa akinakili mandhari ileile karatasi baada ya karatasi. Mwaka huohuo mchoraji mwingine, Earl Hurd, aliomba hataza ya njia ya kuchora wahusika juu ya plastiki angavu na kuiweka juu ya mandhari moja iliyochorwa mara moja tu. Hizo ndizo leya, kabla ya umeme kuingia ndani yake.

Hata kompyuta zilichelewa kujifunza. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990 bila tabaka. Ungeweza kuandika neno juu ya picha na kulisogeza huku na huku likiwa bado linaelea, lakini ukiliachia linazama na kuwa sehemu ya picha, na hapo limekwisha. Toleo la 3.0 la mwaka 1994 ndilo lililoleta tabaka. Kwa hiyo kwa miaka kama minne hata mafundi wenye programu hiyo walifanya kazi kama nilivyofanya Alhamisi ile: kila uamuzi ulikuwa wa mwisho.

Na nyumbani kwetu tuna mfano uliokunjwa kabatini. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake, yaani yale maneno. Kiwandani, katika uchapaji wa fremu, kila rangi ina fremu yake na hupita juu ya kitambaa kwa zamu. Mwenye kiwanda akitaka pindo lilelile na mji uleule lakini jina jipya, anabadilisha fremu yenye maneno, nyingine anaziacha. Lakini wewe uliyenunua doti dukani huwezi kulifuta jina na kuandika lingine. Wino umeshaingia kwenye uzi. Mwenye kiwanda ana fremu. Wewe una kitambaa. Kwenye kadi za siku hizi mteja hupewa kitambaa, naye anadhani amepewa na fremu.

Sasa tuione kazi ileile kama mama angeleta faili ya tabaka. Nitatumia GIMP, kwa kuwa ni ya bure na msomaji anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake leo. Faili yake ya kazi huishia na `.xcf`. Ya Photoshop huishia na `.psd`, na GIMP huweza kufungua nyingi kati ya hizo. Ukiifungua, kuna kidirisha kilichoandikwa `Layers` chenye orodha ya mistari, kila mstari tabaka moja, la juu kabisa likiwa juu kabisa kwenye kadi. Kando ya kila mstari kuna alama ya jicho. Ukibonyeza jicho la tarehe, tarehe inapotea kwenye kadi na maua yanatokea. Ukibonyeza tena, inarudi. Hakuna kilichofutwa.

Ili kubadilisha tarehe kwenye `.xcf`, unachagua mstari wa tarehe, unachukua kifaa cha maandishi, unabofya juu ya 14, unafuta na kuandika 21. Fonti ni ileile na rangi ni ileile, kwa sababu tabaka la maandishi linakumbuka kwamba ni maandishi. Kivuli kikiwa kwenye tabaka lake, nacho utakigusa kidogo kifuate umbo jipya. Mambo mawili ya mwisho ndiyo wanayoyachanganya wanaoanza. Ukichagua `File > Save`, GIMP huhifadhi faili ya kazi pamoja na tabaka zake zote. Ukichagua `File > Export As` na kuandika jina linaloishia na `.jpg`, inatoa picha bapa ya kutuma na kuchapa. Fanya yote mawili, kila mara. Ukifanya la pili tu na kufunga kompyuta, umekausha samaki wote na hukubakiza hata mmoja mbichi.

Dakika mbili za mama zilikuwa kweli, basi, kwa faili sahihi. Aliyepewa faili isiyo sahihi ndiye aliyeonekana mkorofi.

Kuna faili zinazojifanya. Nimeshaletewa `.psd` na mteja anayejiamini, nikaifungua nikakuta mstari mmoja tu kwenye orodha. Mtu alikuwa amefungua picha bapa na kuihifadhi upya kwa jina la faili ya kazi. Kubadilisha jina hakuzai tabaka, kama vile kumpaka ng'onda mafuta hakumrudishi baharini. Kipimo ni kile cha macho: fungua orodha, hesabu mistari, zima jicho moja moja. Kama jicho moja linazima kadi nzima, una picha bapa. Faili ya `.png` nayo huwadanganya wengi kwa kuwa huweza kuwa na sehemu angavu, ndiyo maana nembo nyingi huletwa hivyo. Lakini ni tabaka moja lenye matundu. Na ukipewa PDF, jaribu kuyapitishia kipanya maneno yake. Yakishikika kama unayakoleza, pengine bado ni herufi na kuna matumaini. Kipanya kikiburuta tu juu yake kana kwamba ni ukuta, ni picha.

Mtego mwingine uko ndani ya faili halisi. Tabaka la maandishi linaweza kugeuzwa kuwa pikseli, mara nyingi na fundi anayetaka kulikunja au kulipamba. Likigeuzwa, bado unaweza kuliondoa bila kuharibu maua, na hilo ni jambo kubwa, lakini huwezi kulihariri neno, utaliandika upya. Na hata ambapo halikugeuzwa, kompyuta yako ikiwa haina fonti iliyotumika, itaweka nyingine, na majina ya maharusi yatatoka na sura ngeni. Fundi mwema huandika jina la fonti kwenye jina la tabaka, au kwenye karatasi.

Lakini tabaka si uchawi, na hapa nataka kuwa mkweli kwa wanaoanza. Mwezi mmoja baada ya kadi ile, mama alirudi na picha ya harusi yenyewe. Alitaka shemeji mmoja aondolewe, sababu sikuuliza. "Safari hii nimekuja na faili kubwa kabisa kutoka kwa mpiga picha," akasema. Ilikuwa kubwa kweli. Na ilikuwa bapa. Picha ya kamera kwa kawaida huzaliwa bapa: mwanga uliomgonga shemeji ndio ulioingia, na ukuta ulio nyuma yake haukupata nafasi ya kujionyesha. Hakuna fundi aliyeficha faili ya tabaka, kwa kuwa haikuwahi kuwepo. Tabaka hukumbuka tu vitu vilivyowekwa kimoja kimoja. Kazi ya shemeji ilikuwa ya kukisia tangu mwanzo, na safari hii bei hatukugombana.

Maoni yangu basi ni haya. Mteja anapolipia kadi, bango au nembo ambayo ana kila sababu ya kuibadilisha baadaye, faili ya tabaka izungumzwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Iwe sehemu ya mapatano, kama idadi ya kadi na aina ya karatasi. Sasa hivi haizungumzwi kabisa. Mteja hajui kuwa ipo, na fundi hasemi.

Wenzangu wengi hawataki kuitoa, na hoja yao ina uzito. Ukimpa mtu tabaka zako, umempa jinsi ulivyofikiri: shada ulilolikata kwa saa nzima, mpangilio wa rangi, fremu uliyoichora mwenyewe. Kesho anaipeleka duka la pili, wanabadilisha majina ya maharusi, na kadi yako inaolewa mara kumi bila wewe kualikwa. Hofu hiyo naijua, imenikuta. Lakini jibu lake ni bei. Fundi aseme: kadi ni kiasi hiki, kadi pamoja na faili ya kazi ni kiasi hiki kingine, na usipoichukua, nitakuhifadhia mpaka siku ya sherehe ipite, na badiliko la maandishi ni kiasi hiki kidogo. Mteja achague. Kinachoniudhi ni fundi anayekaa kimya, akijua kwamba mteja atarudi akiwa amefungwa mikono.

Na fundi anayeihifadhi aihifadhi kweli. Faili ya kazi ni nzito: kila tabaka linaloenea kadi nzima linaweza kubeba namba milioni nane na ushei, na kwa kadi ya tabaka saba utajikuta na makumi ya megabaiti wakati `.jpg` yake haifiki hata moja. Diski ikijaa, kishawishi cha kwanza ni kuzibana tabaka zote kuwa moja kwa `Image > Flatten Image`, au kufuta faili za kazi na kubakiza picha. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikiona nimesafisha kompyuta. Wiki iliyofuata watu watatu walikuja na "kazi ndogo". Tangu siku hiyo karibu kila kadi ina folda yake, ndani yake faili mbili zenye jina moja, ya kazi na ya kuchapa, na hainunuliwi chai dukani kabla hazijanakiliwa kwenye diski ya nje.

Mteja naye ana sentensi moja tu ya kujifunza, na inatosha: "Nitapata na faili yenye leya?" Akijibiwa ndiyo, aombe ifunguliwe mbele yake, azimiwe jicho la tarehe, aone maua.

Kadi ya mama ilichapwa Ijumaa mchana, zote 200, na tarehe 21 ilikaa vizuri kiasi kwamba alinipigia kushukuru. Moja nimeibandika ukutani nyuma ya meza yangu. Wageni huisifu. Mimi nikiitazama naona kitu kimoja tu: chini kidogo ya namba 2 kuna petali, na kona ya chini kushoto kuna petali nyingine inayofanana nayo hadi mkunjo wa mwisho. Mkono wangu ndio uliokosea hapo, nikasahau kuigeuza. Ningependa kuirekebisha, na ningeweza kwa kubofya mara moja, kama usiku ule, kwa uchovu, nami nisingekuwa nimehifadhi `.jpg` peke yake.